Simu tatu, bei tatu za dhahabu

Mpwa wangu alirudi kutoka machimbo ya Namungo, wilayani Ruangwa, akiwa na gramu 18. Kabla ya kwenda sokoni yeye na wenzake wawili walifungua simu zao chini ya mkorosho. Simu ya kwanza ilionyesha dola 3,310.20 kwa onsi, ya pili 3,310.80, ya tatu 3,343.60. (Namba nimezisawazisha kidogo ili hesabu ifuatike.) Akanijia amekasirika: "Mjomba, hawa wanatuibia. Bei ya dunia ni moja, sasa hizi tatu zimetoka wapi?"

Swali lake nimelisikia mara nyingi, Ruangwa na Nachingwea pia, na linastahili jibu kamili.

Dhana: bei ya dhahabu ya dunia ni moja, tovuti ikionyesha nyingine inadanganya.

Ukweli ni kwamba hakuna ofisi yoyote duniani inayotangaza bei ya kila sekunde. Sisi wa Lindi na Mtwara tumezoea mnada wa korosho: zabuni zinafunguliwa, bei inatajwa, na vyama vya ushirika kama RUNALI au TANECU vinabaki nayo hadi mnada ujao. Dhahabu ina kitu kinachofanana na hicho. London kuna mnada wa LBMA, chama cha wafanyabiashara wa dhahabu wa kule, mara mbili kwa siku ya kazi, saa 4:30 asubuhi na saa 9:00 alasiri kwa saa za kule. Kwetu ni saa 7:30 mchana na saa 12:00 jioni, na wanaposogeza saa zao mbele majira ya joto inakuwa saa 6:30 na saa 11:00. Bei inayotoka pale haibadiliki hadi mnada unaofuata.

Lakini ile namba inayochezacheza kwenye simu haitoki mnadani. Inatoka kwa mabenki na wafanyabiashara wakubwa wanaouziana moja kwa moja, kila mmoja akitaja bei zake mbili: anayonunulia na anayouzia. Ni kama ubao wa duka la fedha za kigeni pale Mtwara mjini, ambapo dola ina safu mbili na hakuna anayeshangaa. Tovuti inachukua bei hizo kutoka kwa mabenki kadhaa, nyingine inachukua kutoka kwa mabenki tofauti na hayo, na kila moja inachagua namba gani ikuwekee mbele.

Nikaomba zile simu mbili za kwanza. Ya kwanza iliandika "Bid" kwa herufi ndogo chini ya namba, ya pili "Ask". Bid ni bei ambayo wanunuzi wapo tayari kutoa, Ask ni bei ambayo wauzaji wanataka kulipwa. Kwa hiyo zote mbili zilisoma soko lilelile, dakika ileile. Tovuti nyingine hazionyeshi hata moja kati ya hizo, zinachukua katikati, na hapa zingeandika 3,310.50. Anayeuza atazame Bid, maana Ask ni bei ya mtu anayekuja kununua.

Sasa tupime uzito wa tofauti hiyo. Senti 60 kwa onsi. Onsi ya dhahabu ni gramu 31.1035, kwa hiyo ni kama senti 2 za dola kwa gramu. Kwa gramu 18 ni senti 35. Tukichukua dola kuwa shilingi 2,500, ni chini ya shilingi 900. Hiyo ndiyo fedha iliyomkasirisha mpwa wangu kwa simu zile mbili.

Pengo hilo la kununua na kuuza halikai vilevile siku nzima. Hupanuka soko linapopumzika kwa saa moja kila siku, kuanzia saa 11:00 jioni ya New York, ambayo kwetu ni saa 6:00 usiku au saa 7:00 kutegemea majira yao. Hupanuka pia dakika zile takwimu za ajira za Marekani zinapotoka, kwa kawaida Ijumaa ya kwanza ya mwezi. Ukilinganisha tovuti saa hizo utaona tofauti ya dola kadhaa, na hakuna aliyekosea.

Dhana: iliyo juu ndiyo ya kweli, nyingine zimepitwa.

Hii ndiyo iliyoniumiza, kwa sababu ile 3,343.60 ndiyo waliyotaka kwenda nayo sokoni. Nilipoigusa ikafunguka ukurasa wenye alama GC=F. Hiyo ni bei ya mikataba ya soko la COMEX, New York: watu wanakubaliana leo bei ya dhahabu itakayokabidhiwa mwezi fulani mbele. Dhahabu ya mkononi huandikwa XAUUSD.

Bei ya mkataba huwa juu kwa kawaida, na sababu yake inahesabika. Anayekuuzia dhahabu ya miezi mitatu ijayo lazima afunge fedha zake kwenye dhahabu hiyo kwa miezi mitatu na kulipia hifadhi. Riba ikiwa asilimia 4 kwa mwaka, miezi mitatu ni asilimia 1, na asilimia 1 ya 3,310.50 ni dola 33.10. Jumlisha, unapata 3,343.60. Mkataba ukikaribia tarehe yake, pengo hilo linayeyuka. Kwa gramu 18 lingekuwa kama shilingi 48,000, ambazo hakuna mnunuzi wa Ruangwa atakayezitoa leo.

Juu ya hilo, kurasa nyingi za bure hutoa bei ya COMEX ikiwa imechelewa dakika 10. Tafuta neno "Delayed" karibu na namba, na usome saa iliyoandikwa hapo. Siku tulivu dakika 10 hazina neno. Siku ya habari nzito, dhahabu inaweza kusogea dola 20 ndani ya dakika hizo, na wewe unasoma bei ambayo haipo tena.

Dhana: moja inaonyesha imepanda, nyingine imeshuka, basi mojawapo ni mbovu.

Angalia zimeanza kuhesabu wapi. Moja inalinganisha na bei ya kufunga hesabu ya COMEX, saa 7:30 mchana New York. Nyingine inalinganisha na bei ya mwisho ya saa 11:00 jioni. Dhahabu ikishuka kati ya saa hizo mbili, kesho yake mshale wa moja unaweza kuwa mwekundu na wa nyingine kijani. Jumamosi soko limefungwa, hapo kila tovuti inaonyesha tu namba iliyobaki nayo Ijumaa.

Tovuti inayokupa bei kwa shilingi ina chanzo cha pili: kiwango cha dola. Kama kiwango hicho kinabadilishwa mara moja kwa siku, bei inachelewa hata kama dola za dhahabu ni za sekunde hii. Mimi nasoma dola, halafu nazidisha mwenyewe.

Tulipofika soko la madini, mpwa wangu alitaka bado kubishana juu ya zile senti. Nikamwambia asogee kwenye mashine ya kupima usafi. Bei zote tulizosoma kwenye simu ni za dhahabu iliyosafishwa; hata mche wa London haupokelewi chini ya sehemu 995 kwa 1,000. Ya kwake ilisoma asilimia 90. Katika gramu 18, gramu 1.8 hazikuwa dhahabu, na hizo kwa bei ya siku ile zilikaribia shilingi 479,000. Akaomba ipimwe tena upande wa pili wa kipande, na mpimaji akakigeuza.