Kipeperushi cha mradi: tunayodhani na yalivyo

Dhana: Ukifupisha andiko la mradi, umepata kipeperushi.

Andiko liliandikwa kumshawishi mfadhili. Mwanajamii ana maswali mengine kabisa. Tazama sentensi hii: "Mradi unalenga kuzijengea uwezo kaya 40 kuhusu uvunaji wa maji ya mvua katika robo ya tatu ya mwaka." Hata ukiifupisha mara tatu, msomaji bado hajui kama atapewa tangi, atafundishwa kulijenga, au ataitwa mkutanoni tu.

Mhariri hawezi kuirekebisha akiwa peke yake mezani. Lazima amuulize afisa mradi: kujenga uwezo maana yake nini hapa? Vifaa nani analipia? Kila kaya inaleta watu wangapi? Wakijitokeza 70, mnachaguaje? Mara nyingi swali la mwisho halina jibu, maana ofisi yenyewe haijaamua. Basi uchapaji usubiri hadi iamue. Baada ya majibu, sentensi inakuwa hivi:

"Tutafundisha watu 40, mmoja kutoka kila kaya, kujenga tangi la maji ya mvua. Mafunzo ni bure. Hatutagawa matangi. Tutaanza Jumanne, tarehe 8 Septemba 2026, hadi Alhamisi, tarehe 10, saa 3 asubuhi hadi saa 7 mchana."

Hiyo "Hatutagawa matangi" ofisi nyingi huiogopa. Mimi naitetea kila mara, kwa sababu mtu aliyeacha shughuli zake siku tatu akitarajia tangi ana haki ya kukasirika.

Dhana: Saa 8:00 inajulikana.

Inajulikana ofisini. Anayehesabu saa kwa Kiswahili atafika saa nane mchana, wakati mafunzo yalianza saa mbili asubuhi. Andika "saa 2 asubuhi", basi.

Dhana: Anayetaka kujiunga atauliza.

"Kwa maelezo zaidi wasiliana nasi" humrudishia msomaji kazi yetu, na asiye na salio anaishia hapo. Taja mahali pa kujiandikisha, siku na saa za kumkuta mhusika, cha kubeba, na siku ya mwisho. Kama nafasi zitapatikana kwa kura, sema kura itapigwa lini na majina yatabandikwa wapi. Haya yakae pamoja, chini ya kichwa "Jinsi ya kujiunga", kwa herufi zenye ukubwa sawa na za tarehe. Nembo za wafadhili zihamie nyuma.

Dhana: Wakisema wameelewa, wameelewa.

Ukimuuliza mtu "Umeelewa?", atakujibu ndiyo kwa adabu. Mpe nakala mtu asiyefanya kazi ofisini, asome, kisha uifunike umuulize: "Kutakuwa na nini? Lini? Wewe ukitaka kuingia utaanzia wapi?" Usimsaidie. Akisema "nadhani watatuletea matangi", usimweleze yeye. Rudi kwenye sentensi iliyomfanya adhani hivyo, uiandike upya, kisha umtafute msomaji mwingine ambaye hajaiona.