Skrinshoti ya mashairi isiyo na jina la wimbo: isome na saa yake

Anayenitumia skrinshoti ya mashairi iliyokatwa juu huwa anaangalia maneno tu. Mimi naanza na ukingo wa chini, kwenye mstari wa muda, kama haukukatwa nao. Maneno yanakupa jina la wimbo, lakini wimbo mmoja unaweza kuwa na toleo la studio, la jukwaani, remiksi, na lililoimbwa upya na mtu mwingine. Muda ndio unaokuambia ni lipi kati ya hayo.

Nitumie mfano, maneno nikiyatunga mwenyewe. Skrinshoti ina mistari mitatu: «Usiku mrefu, nakungoja», «Kiatu chako kimoja ngazini», «Rudi, rudi nyumbani». Mstari wa katikati umekolezwa, maana yake ndio ulikuwa unaimbwa wakati picha inapigwa. Chini kushoto pameandikwa 1:12 na kulia -2:21.

Mstari wa kwanza na wa tatu niachie. Nyimbo zisizohesabika zina mtu anayengoja usiku, na kiitikio cha kumwita mpenzi arudi kitakuletea matokeo ambayo hutayamaliza. Kiatu ngazini ndicho cha kushika. Andika kwenye gugo ukiwa umefunga kwa alama za kunukuu:

```
"kiatu chako kimoja" ngazini
```

Sikufunga mstari mzima kwa sababu mashairi mengi mtandaoni yameandikwa na watu waliosikiliza kwa masikio yao. Mmoja anaandika «ngazini», mwingine «kwenye ngazi», na alama za kunukuu hazisamehi tofauti hiyo. Maneno matatu au manne yanatosha. Usinukuu pia kuvuka kutoka mstari mmoja hadi mwingine, kwani kila mwandishi hukata mistari anavyoona, na wengine hupachika katikati maneno ya waitikiaji kwenye mabano.

Tuseme umepata jina, na matoleo ni manne. Sasa rudi kwenye saa. Alama ya kutoa kabla ya 2:21 inaonyesha kuwa huo ni muda uliobaki, kwa hiyo wimbo mzima ni 1:12 ukijumlisha na 2:21, yaani 3:33, au sekunde 213. Kama hakuna alama ya kutoa, namba ya kulia kwa kawaida ni urefu wote, usiijumlishe.

Kisha tafuta faili la mashairi yenye muda, lile ambalo kila mstari umetanguliwa na dakika na sekunde zake. Hazina ya wazi ya LRCLIB inayo mengi:

```
https://lrclib.net/api/search?track_name=JINA&artist_name=MWIMBAJI
```

Hapo utafutaji ni kwa jina la wimbo, msanii au albamu, si kwa maneno ya ndani ya wimbo; ndiyo maana gugo linatangulia. Kila jibu lina `duration`, urefu kwa sekunde, na mistari kama huu:

```
[01:11.40] Kiatu chako kimoja ngazini
```

Urefu ukiwa karibu na 213 na mstari ukianza sekunde moja au mbili kabla ya 1:12, toleo umelipata. Ila yanapopishana, napenda sana kuangalia yamepishanaje. Chukua toleo lenye urefu wa 3:48 na mstari wetu ukiwa 1:27. Vyote vimesogea sekunde 15, kwa hiyo uimbaji ni uleule, ila mwanzo wa ala umerefushwa. Toleo jingine lina 2:58, na mstari uko 1:00. Hapo gawanya: 60 kwa 178 ni karibu 0.34, na 72 kwa 213 pia ni karibu 0.34. Uwiano ukibaki uleule huku urefu umepungua, hiyo ni rekodi ileile iliyoharakishwa. Toleo la jukwaani mara nyingi halifuati hesabu yoyote kati ya hizi mbili, kwa sababu kasi ya wapigaji hubadilika wimbo ukiendelea.

Saa haiwezi kutenganisha rekodi moja iliyotolewa kama singo kisha ikawekwa kwenye albamu, kwa kuwa urefu ni uleule. Hapo tazama rangi ya nyuma ya maneno: baadhi ya programu huitoa kwenye picha ya kava, na kava ya singo si lazima ifanane na ya albamu.

Manukuu ya filamu ni kazi nyingine. Saa inayoonekana ni ya filamu, si ya wimbo, na maneno huenda yakawa tafsiri, hivyo ukiyanukuu neno kwa neno hupati kitu. Kama mdomo wa mwimbaji au sauti uliyoisikia haikuwa ya lugha ya manukuu, acha kunukuu. Tafuta orodha ya nyimbo za filamu hiyo, kisha pitia mashairi ya kila wimbo kwa lugha yake ukitafuta kile kitu adimu: kiatu, na ngazi.