Fleshi ya uokoaji na Secure Boot

"Laptopu imegoma kuwaka, nataka kutoa mafaili kwa fleshi ya Linux, si lazima kwanza nizime Secure Boot?"

Hapana, acha ikiwa imewashwa. Secure Boot haiangalii kama ni Windows au Linux, inaangalia saini ya programu ya kwanza kuwaka, na ISO ya Ubuntu, yaani faili la Linux la kuandika kwenye fleshi, inakuja na kitu kinaitwa shim ambacho Microsoft wameshakisaini, kwa hiyo inapita freshi tu. Tena ukiizima, kwenye mashine yenye BitLocker, kufuli la diski la Windows, Windows ikija kuwaka inaweza kukudai namba ya kufungulia ya tarakimu 48, ujitafutie kazi nyingine bure.

Kwenye kompyuta nyingine yenye Linux shusha ISO mpya, angalia jina la fleshi kwa `lsblk` (ukikosea hapa unafuta diski, sio utani), halafu iandike kwa amri hii, badala ya sdX weka jina la fleshi:

```
sudo dd if=ubuntu.iso of=/dev/sdX bs=4M conv=fsync
```

Ikigoma na kuandika "Verifying shim SBAT data failed" ujue ISO yako ni ya zamani, saini ipo ila toleo lilishapigwa marufuku, shusha mpya. Laptopu nyingine, mfano baadhi ya Lenovo, inabidi uingie BIOS uwashe "Allow Microsoft 3rd Party UEFI CA", Secure Boot yenyewe usiiguse.

Ikishawaka chagua kujaribu, usi-install, fungua diski kwa kusoma tu:

```
sudo mount -o ro /dev/sda3 /mnt
```

sda3 ni mfano. Kama ina BitLocker, hapo ile namba utaihitaji tu, fleshi haivunji kufuli.