Malwa, Waragi na Ubongo wa Mtoto Aliye Tumboni

Bibi mmoja kutoka kijiji cha wilaya ya Tororo alimleta mjukuu wake katika kliniki yetu ya watoto waliochelewa kukua kiakili. Nimebadilisha mambo machache ili familia hiyo isitambulike, lakini kiini cha habari ni kama alivyonieleza. Mvulana huyo alikuwa na miaka 8 na alikuwa akirudia darasa la pili kwa mara ya tatu. Akitumwa dukani kununua sukari, chumvi na sabuni, alirudi na kimoja tu, mara nyingine bila chochote na bila chenji. Alichapwa kwa kosa lilelile Jumatatu, akalirudia Jumatano, na mwalimu akaandika kwamba ni mkaidi. Bibi hakukubali. Alisema mtoto hulia kwa uchungu wa kweli kila anapoadhibiwa, kwa sababu haelewi amekosa nini.

Tulimpima. Urefu na uzito vilikuwa vya kawaida. Mzunguko wa kichwa ulikuwa sentimita 49, ilhali wastani wa mvulana wa umri wake ni karibu 52. Alisikia vizuri, hakuwa na kifafa, hakuwahi kulazwa kwa malaria ya kichwa, na bibi aliyekuwepo siku ya kuzaliwa kwake alisema alilia mara tu alipotoka. Alipopewa maagizo matatu kwa pamoja alishika la kwanza na kupoteza mengine. Macho, pua na midomo havikuwa na kasoro yoyote. Ndipo nilipomwomba bibi kijitabu cha kliniki cha wakati wa ujauzito wa marehemu binti yake, naye alikuwa amekitunza ndani ya mfuko wa plastiki. Shinikizo la damu lilikuwa limeandikwa, kipimo cha Virusi vya Ukimwi kilikuwa kimeandikwa, na vilevile dozi za dawa ya kuzuia malaria na vidonge vya kuongeza damu. Kuhusu pombe hapakuwa na hata neno moja.

Ukimya huo ndio ulionisukuma kuandika makala haya. Mtoto aliyeathiriwa na pombe akiwa tumboni anaweza kuwa na alama usoni zinazotambulika: macho yenye mpasuo mfupi, mdomo wa juu mwembamba, na ule mfereji mdogo ulio kati ya pua na mdomo ukiwa umetandazika kama uliolainishwa kwa kidole. Madaktari huko Seattle, Marekani, walizieleza alama hizo mwaka 1973, na daktari mmoja wa Ufaransa alikuwa ameziandika tangu mwaka 1968. Mtoto mwenye alama zote tatu, pamoja na udogo wa mwili na matatizo ya ubongo, anaweza kutambuliwa hata kama hakuna anayejua mama yake alikunywa nini. Lakini wengi wa walioathiriwa hawana uso huo. Kwao daktari hawezi kusema kwa uhakika kwamba chanzo ni pombe mpaka apate ushahidi kwamba mama alikunywa, na ushahidi huo, miaka 8 baadaye, huwa umepotea.

Sababu mojawapo kubwa ya uso kuathirika kwa wengine na kubaki salama kwa wengine ni wakati. Chembe hai zitakazojenga uso hupangwa katika wiki ya tatu tangu mimba kutungwa. Hesabu hiyo ni ya mimba yenyewe, si ile ya kliniki inayoanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Katika wiki hiyo mama amechelewa hedhi kwa siku chache tu, na wengi hudhani ni uchovu au safari imewavuruga. Pombe nyingi ikifika siku hizo huua sehemu ya chembe hizo, na kwa kuwa sehemu ya mbele ya ubongo inajengwa jirani kabisa na uso, vyote viwili hupata hasara pamoja. Uso ukishamaliza kuumbwa, pombe haiwezi tena kuupindisha. Ubongo, hata hivyo, unaendelea kujengwa hadi siku ya kujifungua na baada yake. Pombe ya mwezi wa sita inaweza kuharibu mpangilio wa nyuzi zinazounganisha nusu mbili za ubongo, au sehemu ya nyuma inayoongoza mwendo na usawa wa mwili, na mtoto akazaliwa na sura nzuri ambayo kila mtu anaisifu.

Njia ambayo pombe hupita si ya siri. Kondo la nyuma huzuia vitu vingi, lakini kilevi ni chembe ndogo inayoyeyuka katika maji, nayo hulivuka bila kizuizi. Ndani ya saa moja hivi kiwango cha kilevi katika damu ya mtoto hukaribia kile cha mama. Kuanzia hapo wanaachana. Ini la mama linaweza kuondoa takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa, lakini ini la mtoto bado halina vimeng'enya vya kutosha kufanya kazi hiyo, hivyo humlazimu kungoja damu ya mama isafike. Wakati akingoja, anakojoa ndani ya maji yanayomzunguka, anayameza tena, na kilevi kinarudi mwilini mwake. Mama akishapata nafuu na kuamka, huenda mtoto bado yumo ndani ya pombe.

Hebu tuhesabu. Tangu serikali ya Uganda ipige marufuku vifuko vya plastiki vya pombe mwaka 2019, waragi wengi wa madukani huuzwa katika chupa ndogo ya mililita 200. Ikiwa lebo inaonyesha asilimia 40, chupa hiyo ina mililita 80 za kilevi, ambazo ni kama gramu 63. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina kama gramu 20. Kwa hiyo chupa hiyo ndogo inayoingia mfukoni ni sawa na bia tatu, na ini la mama litahitaji saa 6 hadi 9 kuimaliza. Kiasi kikubwa kinachonywewa kwa mara moja ndicho kinachotutia hofu zaidi, kwa sababu kilele cha kilevi katika damu ndicho kinachoua chembe za ubongo. Mwanamke anayekunywa Jumamosi peke yake, na ambaye kwa haki kabisa hajioni kuwa mlevi, anaweza kumfikisha mtoto kwenye kilele hicho kila wiki.

Malwa haihesabiki namna hiyo. Watu huketi kuzunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake, na maji ya moto huongezwa kadiri kinywaji kinavyopungua. Wa kwanza kunywa hupata kilichokolea na wa mwisho hupata kilichozimuliwa, na hakuna glasi ya kuhesabia. Kwa kuwa imetengenezwa kwa ulezi, wengi huiita chakula. Ni kweli kwamba ulezi ni chakula, tena kizuri sana kwa mjamzito ukiwa uji. Ukishachachuka, kilevi kilichomo ni kilekile kilichomo kwenye waragi, na kondo haliulizi kilitoka kwenye nafaka gani. Hali kadhalika tonto ya ndizi na kwete ya mahindi. Utafiti haujapata kiwango cha pombe ambacho tunaweza kumwambia mjamzito kwamba hiki ni salama, wala mwezi ambao pombe haina neno. Ndiyo maana ushauri tunaoutoa ni kutokunywa kabisa.

Tumbaku hudhuru kwa njia nyingine. Nikotini hubana mishipa inayopeleka damu kwenye kondo, na moshi huongeza hewa ya kaboni monoksidi inayokalia nafasi ya oksijeni katika damu. Mtoto huumbwa vizuri kwa kiasi kikubwa lakini ananyimwa, akazaliwa akiwa na upungufu wa wastani wa gramu 200 hivi, na hatari ya kuzaliwa njiti, kondo kubanduka kabla ya wakati au mtoto kufia tumboni huongezeka. Kuber, ile tumbaku ya kuweka mdomoni, haina moshi lakini ina nikotini ileile. Mairungi nayo hubana mishipa na kumwondolea mama hamu ya kula, na bangi huhusishwa na uzito mdogo. Kwa mama anayetumia heroini onyo langu ni tofauti: asiache ghafla akiwa peke yake nyumbani, kwani mshtuko wa mwili wake unaweza kumdhuru mtoto. Anahitaji dawa mbadala chini ya daktari.

Onyo hilo linamhusu pia mwanamke ambaye mikono yake hutetemeka asubuhi mpaka apate pombe. Kumkaripia aache leo ni kumweka katika hatari ya degedege. Huyo apelekwe hospitali. Kwa mfano, Butabika jijini Kampala ina kitengo cha matatizo ya pombe na dawa za kulevya. Wengine wote wanaweza kuacha siku hiyohiyo, na kuacha katika mwezi wowote kuna faida, kwa sababu ubongo ambao bado haujajengwa bado unaweza kujengwa salama.

Bibi wa Tororo alikumbuka kila kitu. Binti yake aliuza malwa, na kila Jumamosi na Jumapili alikaa chunguni na wateja kuanzia saa tisa alasiri hadi usiku. Aligundua ana mimba mwezi wa tatu ukikaribia kuisha, akapunguza lakini hakuacha, kwa kuwa hakuna aliyemwambia. Maelezo ya mtu aliyeona kwa macho yake tunayakubali, na kwa hayo tulifikia utambuzi ambao kijitabu kilishindwa kutupa. Hakuna dawa ya kurudisha chembe zilizokufa. Kilichobadilika ni jinsi anavyoongozwa: agizo moja kwa wakati, likirudiwa na yeye mwenyewe kwa sauti, utaratibu uleule kila asubuhi, kiti cha mbele darasani, picha za vitu anavyotumwa kununua, na fimbo ikawekwa kando, kwani ubongo huu haujifunzi kwa kuunganisha kosa la jana na adhabu ya leo. Mwezi wa nne wa utaratibu huo alirudi kutoka dukani na vitu viwili na chenji yote.

Kwa wakunga wenzangu, ombi langu ni dogo. Ukimwuliza mjamzito kama anakunywa, atasema hapana, hasa mama mkwe akiwa amekaa pembeni. Mwulize mkiwa wawili tu: kabla hujajua una mimba, mara ya mwisho ulikunywa lini, kinywaji gani, na kwa wiki ni siku ngapi? Usikunje uso anapojibu. Kisha andika katika nafasi ya maelezo mengine, kwa mfano hivi: hedhi ya mwisho 3 Machi, malwa siku 2 kwa wiki hadi 19 Mei, yaani wiki ya 11, sasa ameacha, mtoto apimwe mzunguko wa kichwa katika kila chanjo.