Sampuli ya miamala ya benki: mkaguzi anachaguaje, na anaandika nini

Mkaguzi akifika kwenye chama cha akiba na mikopo na kuomba taarifa ya benki ya mwaka mzima, hapitii kila mstari. Anachagua baadhi, kisha kwa kila mstari aliouchagua anaomba hati ya malipo, ankara, risiti na saini za walioidhinisha. Mistari hiyo aliyoichagua ndiyo watu wengi huiita sampuli. Jina hilo ni sahihi kwa sehemu moja tu ya mistari hiyo, na wahasibu wengi na wakaguzi wanaoanza kazi hukosea hapo, hasa inapofika saa ya kuandika matokeo.

Nitatumia chama kimoja cha mfano. Takwimu ni zangu, lakini mambo yenyewe nimekutana nayo mara nyingi. Akaunti ya hundi ya chama ina malipo 412 kwa mwaka 2023, jumla yake Sh 386,400,000. Katika kupanga kazi, mkaguzi ameamua kwamba makosa yakifika Sh 6,000,000 kwenye malipo haya, hawezi kuyafumbia macho. Kiwango hicho nitakiita kikomo.

Kabla ya kuchagua hata mstari mmoja, hakikisha taarifa yenyewe ni kamili. Chukua salio la kuanzia mwaka, jumlisha fedha zote zilizoingia, toa zote zilizotoka, uone kama unapata salio la mwisho. Kisha pitia kurasa moja moja: salio linalofunga ukurasa wa 14 ni lazima liwe lile lile linalofungua ukurasa wa 15. Niliwahi kupewa kabrasha ambalo ukurasa mmoja ulifunga kwa salio la Sh 18,207,350 na uliofuata ukafunguka kwa Sh 15,007,350. Sh 3,200,000 zilikuwa zimeondoka pamoja na ukurasa uliokosekana. Mstari usio kwenye orodha hauwezi kuchaguliwa, hata ukiwa na njia nzuri namna gani ya kuchagua. Kwa sababu hiyo mimi huomba benki initumie taarifa moja kwa moja, kwa idhini ya chama, badala ya kutegemea nakala iliyopita mikononi mwa mhasibu ninayemkagua.

Orodha ikishathibitika, igawe mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni la malipo makubwa. Mimi huweka mpaka kwenye nusu ya kikomo, hapa Sh 3,000,000, kwa kuwa malipo mawili ya kiasi hicho yakiharibika yote tayari kikomo kimefikiwa. Kwenye mfano wetu malipo ya kuanzia hapo ni 31 tu kati ya 412, lakini thamani yake ni Sh 247,900,000. Ukikagua mistari hiyo 31 umeshagusa asilimia 64 ya fedha zote zilizotoka. Hayo unayakagua yote, bila kuacha hata moja.

Fungu la pili ni la mashaka, na hapa kinachokuongoza ni uzoefu wa macho. Unasoma mistari iliyobaki ukitafuta mambo unayoweza kuyataja kwa maneno: fedha taslimu iliyotolewa kaunta, malipo kwa jina la mtumishi au mjumbe wa bodi, kiasi kile kile kwenda kwa mtu yule yule mara mbili ndani ya siku chache, malipo yasiyo na maelezo, malipo ya wiki ya mwisho ya Desemba, na malipo yanayosimama chini kidogo ya kiwango kinachohitaji saini ya ziada. Hilo la mwisho ndilo ninalolitafuta kwanza. Katika chama chetu, malipo ya kuanzia Sh 2,000,000 ni lazima yasainiwe na mwenyekiti. Chini ya hapo meneja na mhasibu wanatosha. Sasa tazama Ijumaa tarehe 22 Desemba 2023. Kuna mistari mitatu inayofuatana, kila mmoja Sh 1,950,000, na yote inakwenda kwa muuzaji mmoja wa samani. Hakuna hata mmoja uliofika Sh 3,000,000, kwa hiyo ukichagua kwa ukubwa pekee ungeipita yote mitatu. Fungu hili lilipata mistari 24 yenye jumla ya Sh 33,600,000.

Kwa kila mstari wa fungu hili andika sababu ya kuuchagua wakati ule ule unapouchagua. "Umetia shaka" si sababu. "Sh 50,000 chini ya kiwango cha saini ya mwenyekiti, mpokeaji mmoja, siku moja" ni sababu, na mkaguzi mwenzako akiisoma baada ya mwaka mmoja ataelewa ulichokiona.

Fungu la tatu ni mabaki: malipo 357, jumla Sh 104,900,000. Ni madogo na hayana dalili mbaya, lakini Sh milioni 104 si fedha ya kuachwa bila kuguswa. Hapa ndipo sampuli kwa maana yake halisi inapoanza. Kiwango cha kimataifa cha ukaguzi kinachohusu jambo hili, ISA 530, kinataka kila kitu kwenye kundi kiwe na nafasi ya kuchaguliwa. Fungu la kwanza na la pili halikutimiza sharti hilo, kwa kuwa uliyachagua kwa makusudi. Ni ukaguzi halali kabisa, ila si sampuli.

Idadi ya kuchagua inapatikana kwa kuzidisha thamani ya mabaki kwa kizidishi cha uhakika, kisha kugawanya kwa kikomo. Ukitaka uhakika wa takribani asilimia 80 kutoka kwenye sampuli hii, kwa kuwa mafungu mawili ya kwanza yameshakupa ushahidi mwingi, kizidishi ni 1.6: milioni 104.9 mara 1.6, gawanya kwa milioni 6, unapata 28. Ukitaka asilimia 95 kizidishi ni 3.0, na idadi inapanda hadi 53. Hesabu zote mbili zinachukulia kwamba hutarajii kukuta kosa lolote, hilo tutalirudia.

Mistari 28 yenyewe inachaguliwa kwa kuhesabu shilingi badala ya kuhesabu mistari. Gawanya Sh 6,000,000 kwa 1.6, upate hatua ya Sh 3,750,000. Chagua namba ya kuanzia bila upendeleo kati ya 1 na 3,750,000. Tuseme imetoka 1,204,000. Kisha jumlisha malipo kuanzia juu kwenda chini, na mstari ambamo jumla inafika 1,204,000 unachaguliwa, halafu ule inapofika 4,954,000, halafu 8,704,000, hadi mwisho. Malipo ya Sh 900,000 yanakuwa na nafasi mara tatu ya yale ya Sh 300,000, na hakuna mtu, hata wewe mwenyewe, aliyeweza kujua mapema mstari gani utaangukiwa. Kwenye Ekseli, jumla inayopanda ikiwa safu ya D (D2 ni sifuri), mwanzo ukiwa F1 na hatua F2, fomula ni hii:

```
=IF(INT((D3-$F$1)/$F$2)>INT((D2-$F$1)/$F$2),"CHAGUA","")
```

Kazi ya kuomba hati inapoanza, mtihani mkubwa ni hati isiyoonekana. Mstari mmoja kati ya ile 28 ni wa Sh 210,000, usafiri, na kabrasha halina hati yake. Mhasibu anasema kwa heshima zote, "Ndugu mkaguzi, hii ni ndogo, chukua ya chini yake, ipo kamili." Usichukue. Kuuacha mstari kwa sababu hati yake haipo ni kuliondoa kosa kwenye sampuli kwa mkono wako. Kubadilisha kunaruhusiwa pale tu ambapo mstari kweli si malipo, kwa mfano hundi iliyobatilishwa kihalali na ushahidi wake upo. Kwa mstari huu tafuta ushahidi mwingine: barua ya maelekezo kwa benki, nakala ya risiti ya EFD kutoka kwa mwenye gari, kumbukumbu za safari. Vyote vikikosekana, kiasi chote kinahesabiwa kuwa ni kosa.

Kosa lingine kwenye ile 28: malipo ya Sh 480,000 ya kuchapisha vitabu vya wanachama, lakini ankara inasema Sh 360,000. Zimezidi Sh 120,000, yaani robo ya malipo.

Hapo mafungu yanatengana kabisa. Kosa la fungu la kwanza au la pili linaandikwa kwa kiasi chake, basi, kwa sababu halisemi chochote kuhusu mistari ambayo hukuigusa. Kosa la fungu la tatu linawakilisha hatua nzima ya Sh 3,750,000. Robo ya hatua ni Sh 937,500. Ule mstari wa usafiri, wenye kosa la asilimia 100, unabeba Sh 3,750,000 zote. Makadirio ya makosa kwenye mabaki ni Sh 4,687,500, ingawa makosa uliyoyashika mkononi ni Sh 330,000 tu. Unaona kwa nini yule mhasibu alitaka ubadilishe mstari.

Sh 4,687,500 ziko chini ya kikomo, lakini usifunge faili. Idadi ya 28 ilikokotolewa kwa matarajio ya kutokuta kosa lolote, na umekuta mawili. Ukiongeza nafasi ya sampuli kupotosha, kikomo kimeshapitwa. Uchague mistari zaidi, au ukague kwa njia nyingine eneo lenye tatizo, kwa mfano malipo yote ya usafiri na ya uchapishaji ya mwaka huo.

Karatasi ya kazi iwe na safu hizi kwa kila mstari: tarehe na namba ya muamala kama ilivyo kwenye taarifa ya benki, kiasi, mpokeaji kwa mujibu wa benki, fungu na sababu ya kuchaguliwa, namba ya hati ya malipo, nyaraka ulizoziona kwa macho, na matokeo. Mpokeaji mwandike kama benki ilivyomwandika, si kama hati inavyosema. Majina hayo mawili yakitofautiana, hilo nalo ni jambo la kuandika.

Zile Sh 1,950,000 tatu zilikuwa na hati tatu zenye namba zinazofuatana na ankara moja ya viti ya Sh 5,850,000. Viti vilihesabiwa ofisini, vipo. Kwa hiyo kwenye safu ya kosa la fedha inaandikwa sifuri, na hoja inaandikwa pembeni yake hivi: "Malipo ya ankara moja ya Sh 5,850,000 yalifanywa mara tatu siku moja, kila moja chini ya Sh 2,000,000. Kanuni za fedha za chama zinataka saini ya mwenyekiti kuanzia Sh 2,000,000. Saini hiyo haipo kwenye hati yoyote kati ya hizo tatu. Meneja ameeleza kuwa mwenyekiti alikuwa safarini. Udhibiti wa malipo makubwa haukufanya kazi kwenye ununuzi huu." Neno wizi halipo humo kwa kuwa hakuna nilichokiona kinachothibitisha wizi. Maelezo ya meneja yamewekwa kama maelezo yake, na tarehe za safari ya mwenyekiti ndizo zinazofuata kuombwa.