Neno "Msaada" likija peke yake

Meseji imeingia saa nane usiku kwenye huduma yetu ya ushauri kwa meseji, na ndani yake mna neno moja tu: "Msaada." Mshauri wa zamu hana sauti ya kusikiliza wala uso wa kuutazama. Huenda aliyeandika amejifungia chooni na anayempiga yuko nyuma ya mlango. Huenda pia ameiona namba yetu mahali akataka kujua ni ya nini, kwa sababu huduma nyingi za meseji zimewazoesha watu kwamba ukituma HELP unarudishiwa maelezo.

Washauri wapya ninaowafundisha hupenda kujibu, "Karibu, tueleze tatizo lako." Ni maneno ya adabu, lakini aliye hatarini hana nafasi ya kueleza, na anayeulizia tu hana tatizo la kueleza. Wote wawili wananyamaza, nawe hujui umempoteza yupi.

Sisi tunaanza hivi: "Nipo, nimekusoma. Uko hatarini sasa hivi? Andika 1 kama ndiyo, 2 kama hapana. Kama unataka tu kuijua huduma yetu, andika 3." Hatari inatangulia kwa kuwa haisubiri. Tarakimu moja mtu anaweza kuiandika hata simu ikiwa chini ya shuka. Usimpigie kabla hajakubali, maana mlio wa simu unaweza kumfichua kwa anayemwogopa.

Akijibu 1, muulize yuko wapi kabla ya jambo jingine lolote. Meseji yenyewe haikuonyeshi alipo, na bila mahali huna pa kuwaelekeza waokoaji. Asipojibu, usidhani alikuwa anacheza. Subiri dakika chache, tuma ujumbe mmoja mfupi kwamba bado upo, kisha tulia. Ukimtumia mfululizo, kila meseji inaiwasha skrini ambayo pengine anaificha.

Jibu la 3 ndilo linalotuponyoka zaidi. Chukua mfano tunaoutumia mafunzoni. Mtu ameandika 3, mshauri akamweleza kwa sentensi mbili kwamba hapa watu huzungumza kwa siri kuhusu yanayowaelemea. Kimya. Kisha: "Na mtu akisema anataka kufa mnamfanyaje?" Bado linaweza kuwa swali la udadisi, lakini wengi hupima kina cha maji kwa fimbo kabla ya kutia mguu. Mshauri asitoe hotuba kuhusu taratibu za ofisi. Ajibu kwa ufupi, "Tunamsikiliza, hatumgombezi, na maisha yake yakiwa hatarini tunamtafutia msaada," halafu aulize waziwazi: "Wewe mwenyewe una mawazo ya kujiua?" Kuuliza hivyo hakumpandikizii mtu wazo hilo. Asiye nalo atasema hana, na mazungumzo yataishia hapo kwa amani.

Katika mfano wetu jibu linakuja baada ya dakika nne: "Leo ndiyo." Sasa mshauri anauliza kama ameshameza au kufanya chochote, na yuko wapi.