Sharti la lazima na sharti la kutosha

Sharti la lazima ni lile ambalo likikosekana, jambo linalotajwa haliwezi kuwapo. Sharti la kutosha ni lile ambalo likitimia, jambo hilo hupatikana bila kuhitaji nyongeza yoyote. Sharti moja laweza kuwa la lazima bila kuwa la kutosha, na hapo ndipo watu wengi hujichanganya.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 138, inaonyesha jambo hili vizuri. Mgombea urais hutangazwa mshindi akipata zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, na pia angalau asilimia 25 ya kura zilizopigwa katika kila kaunti, kwa zaidi ya nusu ya kaunti. Kwa kuwa kaunti ni 47, anahitaji kaunti 24. Tuseme mgombea amepata asilimia 58 ya kura zote, lakini amefikisha robo katika kaunti 23 tu. Hajashinda, ingawa wengi wamemchagua, kwa sababu kila sharti ni la lazima na hakuna linalotosha peke yake. Ni mawili pamoja yanayotosha.

Hata hivyo, tukisema kwamba bila robo ya kura katika kaunti 24 mtu hawezi kabisa kuwa rais, tutakuwa tumekosea. Asipopatikana mshindi, uchaguzi hurudiwa kati ya wagombea wanaoongoza, na humo anayepata kura nyingi zaidi ndiye hutangazwa. Sharti la robo ni la lazima kwa kushinda duru ya kwanza, si kwa kuwa rais. Kwa hiyo kila tunapoambiwa kwamba jambo fulani ni la lazima, inafaa tuulize: kwa lipi hasa?

Swali hilohilo linahusu mtihani wa KCSE, ule wa kumaliza shule ya sekondari nchini Kenya. Wastani wa C+ ndio kiwango cha chini cha kujiunga na shahada moja kwa moja, lakini hautoshi kumpatia mwanafunzi nafasi ya udaktari, ambako alama za masomo husika na ushindani wa nafasi huamua. Wala si lazima kwa kila anayetaka shahada, kwani wapo wanaoifikia kwa kuanzia stashahada.

Katika madai ya chanzo na matokeo, mfano mzuri ni malaria. Vimelea vya malaria ni vya lazima: bila hivyo, homa uliyo nayo ni ya ugonjwa mwingine. Lakini havitoshi kumfanya mtu augue, kwa maana watu wazima wengi katika maeneo yenye maambukizi makali hubeba vimelea bila dalili yoyote. Kung'atwa na mbu nako hakutoshi, kwa kuwa ni lazima awe anofelesi jike mwenye vimelea. Na, ingawa ndiyo njia ya kawaida mno, si ya lazima, maana vimelea huweza pia kupitia damu ya kuongezewa.

Anayetaka kupima dai la ulazima atafute tokeo lililopatikana bila sharti hilo. Anayepima dai la utoshelevu atafute sharti lililotimia bila tokeo. Mfano mmoja wa kweli unatosha kuliangusha dai.